Kutengeneza wenyewe au kununua: hesabu ya kitasa kimoja na nafasi kinayoiacha

Karatasi ya gharama inasema kitasa kimoja kinatugharimu 1,200 kukitengeneza. Muuzaji wa nje ameleta barua ya bei: 1,040, kikiwa kimefikishwa mlangoni. Kwa mwaka tunatumia vitasa 10,000. Mkurugenzi anazidisha kichwani, anaona 1,600,000 za kuokoa, na anauliza mkataba utasainiwa lini.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hii mara kadhaa kama mhasibu wa gharama, na karibu kila mara jibu la haraka lilikuwa kosa. Si kila mara kosa la uamuzi, kwa sababu wakati mwingine kununua ndiko kulikofaa. Lakini sababu iliyotajwa haikuwa sababu ya kweli. Na ukipata jibu sahihi kwa sababu mbovu, mwaka unaofuata hali ikibadilika hutajua cha kubadilisha. Kwa hiyo nichukue kesi moja niipitishe hatua kwa hatua. Kiwanda kinaunda makabati ya chuma ya ofisini, na kila kabati hupata kitasa kimoja kinachotengenezwa kwenye karakana ya pembeni. Namba nimezirahisisha na nimeziacha tupu. Weka sarafu yoyote unayotumia.

## 1,200 hiyo imetoka wapi

Hii ndiyo karatasi yenyewe. Safu ya mwisho haikuwamo. Nimeiongeza mimi, na ndiyo inayobeba uamuzi wote.

| Kipengele | Kwa kitasa | Kwa mwaka | Tukiacha kutengeneza |
|---|---|---|---|
| Malighafi (bati, springi, rangi) | 420 | 4,200,000 | Inaisha |
| Ujira wa mafundi, kwa kipande | 260 | 2,600,000 | Unaisha |
| Umeme wa mashine, mafuta, vipuri | 90 | 900,000 | Inaisha |
| Mshahara wa msimamizi wa karakana | 120 | 1,200,000 | Unaisha, akiondoka |
| Kukodi mashine ya presi | 90 | 900,000 | Inaisha, mkataba ukiisha |
| Uchakavu wa mashine zetu za zamani | 60 | 600,000 | Unabaki |
| Mgawo wa pango la jengo | 100 | 1,000,000 | Unabaki |
| Mgawo wa gharama za utawala | 60 | 600,000 | Unabaki |
| Jumla | 1,200 | 12,000,000 | |

Mistari mitatu ya juu haina ubishi. Kitasa kisipotengenezwa, bati halinunuliwi, fundi wa kipande halipwi na mashine haili umeme. Hiyo ni 770 kwa kitasa.

Ubishi uko kwenye gharama za kudumu. Vitabu vingi vya mwanzo humzoesha mwanafunzi kuzifuta zote: ni za kudumu, basi hazihusiki. Hapo ndipo watu hupotea kwa upande wa pili. Neno "kudumu" linasema tu kwamba gharama haipandi wala haishuki idadi ya vitasa inapobadilika kidogo. Halisemi kama gharama hiyo itaendelea kuwapo siku karakana itakapofungwa. Msimamizi analipwa mshahara uleule tukitengeneza vitasa 8,000 au 11,000, kwa hiyo ni gharama ya kudumu. Lakini hakuna karakana, hakuna kazi ya usimamizi, na mshahara ule unaweza kukoma. Presi ya kukodi ni hivyohivyo. Hizi mbili ni za kudumu na zinaepukika. Kwa pamoja ni 2,100,000 kwa mwaka.

Zile tatu za chini ni wanyama wengine. Uchakavu ni kumbukumbu ya fedha iliyotoka zamani tulipozinunua mashine. Kuacha kuzitumia hakuirudishi. (Mashine zikiuzika kama chuma chakavu, bei yake ndiyo inayohusika, na inaingia mara moja tu.) Utawala ni ofisi ya mkurugenzi, ulinzi na mimi mwenyewe mhasibu. Hakuna atakayepungua kwa sababu vitasa vinanunuliwa.

Kuhusu pango, somo langu nililipata kwa fundi mmoja mzee, wala halikutoka darasani. Nilikwenda karakanani na karatasi yangu mkononi kumweleza kwa nini idara yake inaonekana ghali. Alisikiliza, akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akaweka kidole kwenye mstari wa pango.

"Mhasibu, tukiacha kutengeneza hapa, mwenye jengo atatupunguzia kodi?"

"Hapana, mzee. Mkataba ni wa jengo zima."

"Basi hii mnailipa ninyi, siilipi mimi."

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo swali lake ndilo ninaloliuliza kwa kila mstari: nani ataacha kulipwa, na kuanzia tarehe gani? Kama huwezi kumtaja mtu au kampuni itakayopokea fedha pungufu, gharama hiyo haiepukiki.

## Ulinganisho wa kwanza: nafasi ikibaki tupu

Sasa tuweke pande mbili. Kutengeneza kunatugharimu, kwa fedha ambazo kweli tungeziepuka, 7,700,000 za gharama zinazobadilika na 2,100,000 za kudumu zinazoepukika. Jumla 9,800,000, yaani 980 kwa kitasa. Kununua ni 10,400,000.

Kumbe kununua kunatupandishia gharama kwa 600,000 kwa mwaka. Ile "akiba" ya 1,600,000 ilitoka kwenye 2,200,000 za uchakavu, pango na utawala ambazo zingeendelea kulipwa au kuandikwa vilevile. Toa 2,200,000 kwenye 1,600,000, unabaki na hasara ya 600,000. Namba zinakubaliana kwa njia zote mbili.

Angalia pia mwenye msimamo wa "gharama za kudumu zote futa" angesema nini. Angelinganisha 770 na 1,040 na kudai kutengeneza kunaokoa 2,700,000. Angepata jibu lilelile la kutengeneza, lakini angeamini ana nafasi kubwa ya kupumua kuliko aliyo nayo. Na hapa nafasi ya kupumua ndiyo jambo lenyewe.

Kwa sababu mara gharama za kudumu zinazoepukika zinapoingia, jibu linaanza kutegemea wingi. Kila kitasa tunachotengeneza kinatuokolea 270 dhidi ya bei ya muuzaji, lakini kabla ya kuokoa chochote lazima tulipie 2,100,000 za msimamizi na presi. Gawanya:

```
2,100,000 / (1,040 - 770) = 7,778
```

Tukihitaji vitasa zaidi ya 7,778 kwa mwaka, kutengeneza kuna nafuu. Chini ya hapo, kununua. Ukitaka kuhakiki, jaribu 7,000: kutengeneza ni 5,390,000 na 2,100,000, jumla 7,490,000, kununua ni 7,280,000. Kununua kumeshinda kwa 210,000. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkuu wa mauzo linageuka: mahitaji ya makabati yanaweza kushuka kwa zaidi ya asilimia 22? Kama alishawahi kuona mwaka wa namna hiyo, 10,000 si namba ya kuichukulia kama jiwe.

## Nafasi haibaki tupu: karakana ina kazi nyingine

Mpaka hapa tumejifanya kwamba karakana ikifungwa, panabaki sakafu na vumbi. Mara nyingi sivyo. Karakana ni nafasi, na nafasi ina thamani kwa kile kingine kinachoweza kufanyika humo. Ile faida tunayoikosa kwa kuendelea na vitasa ndiyo gharama ya fursa. Haina ankara na haimo kwenye leja, ndiyo maana hakuna anayeileta kikaoni asipoulizwa.

Tuseme kuna mambo mawili yanayoweza kufanyika. La kwanza, jirani anataka kupanga karakana kama stoo na atalipa 500,000 kwa mwaka, na mwenye jengo ameridhia. La pili, sisi wenyewe tuanze kuunda meza za chuma. Mauzo yanakadiria meza 2,500 kwa mwaka, kila moja ikiuzwa 4,000 na kula 3,100 za vifaa, ujira na umeme. Mchango ni 900 kwa meza, jumla 2,250,000. Meza zinahitaji mashine ya kuchomelea ya kukodi, 200,000 kwa mwaka, na zinahitaji msimamizi.

Na hapo kwenye msimamizi simama kidogo. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu ya namna hii niliandika kwenye upande wa kununua: "tunaokoa mshahara wa msimamizi 1,200,000". Mistari minne chini yake nikaandika faida ya bidhaa mpya bila kumtaja msimamizi, kwa kuwa kila mtu alijua ni yuleyule atakayehamia. Yaani nilimfukuza kazi na kumwajiri kwenye ukurasa mmoja, na mshahara wake ukapotelea katikati. Hesabu ilipendeza sana. Kilichoniumbua ni orodha ya mishahara: miezi mitatu baada ya mabadiliko jina lake lilikuwa palepale, na kiasi kilekile.

Ukimhamisha mtu, una njia mbili na uchague moja. Ama useme mshahara wake hauepukiki, haupungui popote, na meza zinamtumia bure. Ama useme vitasa vinaachiliwa mshahara huo na meza zinaubeba. Majibu yanalingana. Mimi napendelea ya pili, kwa kuwa kila bidhaa inaonekana na mzigo wake. Meza basi zinaacha 2,250,000 kutoa 1,200,000 kutoa 200,000, ambayo ni 850,000. Bila kumkumbuka msimamizi ungeona 2,050,000, na tofauti hiyo inatosha kabisa kupotosha uamuzi.

Kwa mafundi wa kipande hakuna tatizo hilo, kwani ujira wao kwenye meza umeshaingia ndani ya 3,100. Lakini kama mafundi ni waajiriwa wa kudumu na hawatapunguzwa, ule mstari wa ujira 2,600,000 hauepukiki hata kidogo. Karatasi iite ujira huo "unaobadilika" itakavyo. Cha kuangalia ni mikataba yao ya kazi.

Sasa pande zote kwa pamoja, kwa mwaka wa kawaida:

| | Kutengeneza | Kununua, nafasi tupu | Kununua na kupangisha | Kununua na kuunda meza |
|---|---|---|---|---|
| Gharama zinazobadilika za vitasa | 7,700,000 | – | – | – |
| Ununuzi wa vitasa | – | 10,400,000 | 10,400,000 | 10,400,000 |
| Msimamizi | 1,200,000 | – | – | 1,200,000 |
| Kukodi mashine | 900,000 | – | – | 200,000 |
| Kodi ya stoo tunayopokea | – | – | (500,000) | – |
| Mchango wa meza | – | – | – | (2,250,000) |
| Gharama halisi | 9,800,000 | 10,400,000 | 9,900,000 | 9,550,000 |

Kupangisha stoo hakutoshi: bado kutengeneza kuna nafuu ya 100,000. Meza ndizo zinazogeuza mizani, kwa 250,000. Kipimo cha jumla ni rahisi kukumbuka: kwa vile kununua tupu kunazidi kwa 600,000, nafasi iliyoachwa lazima izalishe zaidi ya 600,000 safi ndipo tununue.

Jedwali linaonyesha faida ya nafasi kama punguzo kwenye upande wa kununua. Wengine huiandika kama mzigo upande wa kutengeneza: 9,800,000 na 850,000 za fursa inayokosekana ni 10,650,000, dhidi ya 10,400,000 za kununua. Tofauti ni 250,000 ileile. Njia zote mbili ni halali, ila usizitumie kwa pamoja. Nimewahi kuona karatasi iliyoongeza fursa kushoto na kuipunguza kulia. Kwa namba zetu ingetoa faida ya 1,100,000, mara nne na zaidi ya ukweli.

Wala usijumlishe stoo na meza. Karakana ni moja. Gharama ya fursa ni ya matumizi bora zaidi kati ya yale yanayowezekana, na ukichagua meza, jirani wa stoo anatoka kwenye hesabu.

## Je, meza kweli zinahitaji nafasi ya vitasa?

Swali hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, nami naliona la kwanza kwa uzito. Meza zinaweza kuhesabiwa kama fursa ya kuacha vitasa iwapo tu viwili hivyo haviwezi kukaa pamoja. Kama kuna kona nyingine ya kiwanda imelala, meza ziundwe huko, na vitasa viendelee. Hapo meza zinakuwa uamuzi wao wenyewe.

Mfano wa zamu ya usiku. Tuseme karakana ileile ingeweza kuunda meza usiku, kwa msimamizi wa pili na gharama ya ziada ya 300,000 kwa taa, ulinzi na posho. Meza zingeacha 550,000 badala ya 850,000. Lakini tungebaki tukitengeneza vitasa, na gharama halisi ingekuwa 9,800,000 kutoa 550,000, sawa na 9,250,000. Ni nafuu kuliko safu zote nne za jedwali! Kikao kizima kingekuwa kimejadili safu zisizo sahihi.

Katika kesi yetu njia hiyo ilifungwa: presi na benchi za vitasa zimefungwa kwa bolti sakafuni, na fremu za meza hazipati pa kulala zikisubiri kupoa na kupakwa rangi. Kwa hiyo meza na vitasa kweli vinagombea sakafu moja. Lakini hilo lilijulikana kwa kwenda na futi ya kupimia. Ofisini kila mtu alikuwa amelichukulia tu kuwa hivyo.

## Jinsi ushindi wa 250,000 ulivyo mwembamba

Kati ya gharama ya karibu milioni kumi, 250,000 ni kama asilimia 2.6. Kabla ya kubomoa karakana nataka kujua ni nini kinaweza kuila.

Kwanza, idadi ya meza. Ili nafasi izalishe 600,000 baada ya kulipa 1,400,000 za msimamizi na mashine, tunahitaji kuuza meza 2,223. Makadirio ni 2,500. Mauzo yakipungua kwa asilimia 11 tu, tumerudi pale tulipoanza, huku karakana ya vitasa haipo tena. Bidhaa mpya ambayo hatujawahi kuuza hata moja, na makadirio yanatoka kwa mtu anayeitaka iwepo. Asilimia 11 sioni kama ni kinga.

Pili, bei ya muuzaji. Bei ya kikomo ni ile inayofanya pande zilingane. Nafasi ikibaki tupu, kikomo ni 980. Tukipangisha stoo ni 1,030. Tukiunda meza ni 1,065, kwa sababu 850,000 zikigawanywa kwa vitasa 10,000 ni 85 juu ya 980. Bei aliyotoa ni 1,040, kwa hiyo akipandisha kwa zaidi ya 25, meza haziwezi kuitetea. Na atapandisha lini? Atasubiri mashine zetu ziuzwe na mafundi wa vitasa watawanyike, maana leo bado tunaweza kumwambia hapana. Ndiyo maana mkataba wa bei ya miaka miwili au mitatu nauona una thamani kuliko punguzo dogo la mwaka wa kwanza.

Vitasa vibovu vinaingia hapahapa. Tukikubali kwamba kitasa kimoja kati ya 40 kitarudishwa na hatulipwi, gharama ya kila kizima inapanda kutoka 1,040 hadi karibu 1,067. Kikomo kimeshavukwa, na bado sijahesabu fundi aliyesimama akisubiri. Kwa hiyo kifungu cha kubadilishiwa vibovu bila malipo si mapambo ya mwanasheria. Kwa bei hii ndicho kinachoshika uamuzi mzima.

## Tarehe ya kukoma kwa gharama

Nilisema presi "inaisha, mkataba ukiisha". Mkataba wa kukodi una miezi 8 iliyobaki, na hauvunjiki bila kulipa yote. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, kati ya 900,000, zinazoepukika ni za miezi 4 tu: 300,000.

Tukihama leo, gharama inayoepukika ya vitasa kwa mwaka wa kwanza inashuka hadi 9,200,000. Kununua kunazidi kwa 1,200,000, na meza zinarudisha 850,000. Tumepoteza 350,000. Mwaka wa pili tunapata 250,000, wa tatu 250,000. Kuhama leo kunajilipa katikati ya mwaka wa tatu, ikiwa meza hazikupungua na muuzaji hakupandisha bei.

Sasa linganisha na kungoja. Miezi 8 tunaendelea na vitasa kama kawaida, presi inarudi kwa mwenyewe tarehe yake, na meza zinaanza mwezi wa tisa. Mwaka wa kwanza tunapata faida ya miezi 4, karibu 83,000, badala ya hasara ya 350,000. Tofauti ni zaidi ya 430,000 kwa kusubiri tu. Safu hii haikuwa kwenye jedwali la mtu yeyote, kwa kuwa swali lilikuja kama "kutengeneza au kununua" na hakuna aliyeuliza "kununua kuanzia lini". Gharama inayoepukika ina tarehe, na karatasi ya gharama haina safu ya tarehe.

Kungoja kunanunua kitu kingine pia: miezi 8 ya kuagiza vitasa 500 vya majaribio kwa muuzaji na kuona vinavyofika, na ya kutengeneza meza chache kwenye kona ya kiwanda ili tuone kama zinauzika kwa 4,000. Hata kama majaribio hayo yatatula fedha kidogo, namba mbili tunazozishuku kuliko zote zitakuwa na ushahidi nyuma yake.

## Baada ya kuhama

Kuna mtego unaokuja polepole. Zile 2,200,000 za uchakavu, pango na utawala zilizokuwa zimebandikwa kwa vitasa hazikufa. Mfumo wa uhasibu utazihamishia kwenye kinachobaki, yaani makabati na meza. Mwaka unaofuata karatasi ya kabati itaonyesha gharama imepanda, na mtu atasema bawaba nazo tununue, maana zimekuwa ghali kutengeneza. Zikinunuliwa, mgawo wake unahamia kwenye milango. Nimeona kiwanda kikifika hatua ya kuunganisha tu vipande vya watu wengine, kila uamuzi ukiwa umeonyesha akiba kwenye karatasi, huku pango la jengo likilipwa lote kama zamani.

Njia ya kulitambua hili mapema ni kutoangalia gharama kwa kipande. Miezi sita baada ya kuhama, fungua orodha ya malipo halisi utafute mistari mitatu. Je, mwenye presi bado anatuma ankara? Msimamizi yuko kwenye orodha ya mishahara, na kama yupo, ni meza ngapi zimetoka chini yake? Muuzaji amelipwa kiasi gani kwa vitasa vilivyofungwa kweli kwenye makabati, si vilivyopokelewa stoo? Pango na utawala viache. Havikuwa sehemu ya uamuzi na havitaonyesha chochote.

Kwa kesi yetu, nilichomwandikia mkurugenzi kilikuwa na mistari michache: usisaini leo. Mwombe muuzaji bei isiyobadilika kwa miaka mitatu kuanzia mwezi wa tisa, vibovu abadilishe kwa gharama yake. Akishuka hadi chini ya 980, tununue hata kama meza hazitaundwa kamwe. Akibaki 1,040, tununue pale tu majaribio ya meza yatakapoonyesha tunaweza kuuza zaidi ya 2,223 kwa mwaka. Na presi isiongezewe mkataba wa mwaka mzima kwa mazoea; kama mwenyewe atakubali, iongezwe mwezi kwa mwezi, hata kwa bei ya juu kidogo, mpaka tuwe tumeamua.

Alisoma, akaniuliza zile 1,600,000 zimekwenda wapi. Nikamwonyesha mstari wa pango.